Jinsi ya kuandika barua ya kueleza kwa nini makato ya mshahara yalibadilika Februari 2025

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwajiri mdogo nchini Kenya, mwenye wafanyakazi wachache na asiye na ofisi ya rasilimali watu, ambaye wafanyakazi wake walipokea mshahara wa Februari 2025 wakakuta umepungua ilhali hakuna aliyewapunguzia. Mimi huandaa mishahara ya biashara za namna hiyo, na mwaka 2025 barua hii ndiyo niliyoombwa kusaidia kuiandika mara nyingi zaidi. Kazi ngumu si kuiandika, bali ni kupata hesabu itakayolingana hadi senti na hati ya mshahara ambayo mfanyakazi ameishika mkononi.

Hatua ya 1: Linganisha Januari na Februari peke yake

Usilinganishe Februari 2025 na Februari 2024. Kati ya miezi hiyo miwili walau mambo matatu yalibadilika kwa nyakati tofauti: mnamo Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHIF ikaingia kwa asilimia 2.75 ya mshahara wote. Tarehe 27 Desemba 2024 sheria ya marekebisho ya kodi ikaanza kutumika na kubadilisha namna PAYE inavyokokotolewa. Kisha Februari 2025 mipaka ya mshahara unaokatwa NSSF ikapanda kuingia awamu ya tatu. Barua inayojaribu kueleza yote matatu kwa pamoja humwacha msomaji asijue ni lipi lililomgusa. Kati ya Januari na Februari kilichobadilika ni NSSF pekee, na kodi ikasogea kwa sababu ya NSSF.

Hatua ya 2: Kokotoa NSSF ya Februari 2025

Kiwango kilibaki asilimia 6 kwa mfanyakazi na asilimia 6 kwa mwajiri. Kilichobadilika ni mipaka ya mshahara unaokatwa. Mpaka wa chini ulitoka shilingi 7,000 hadi 8,000, na mpaka wa juu ukatoka 36,000 hadi 72,000, kama ilivyopangwa katika Sheria ya NSSF ya 2013. Mimi hutumia jedwali la Excel, na ninamsihi kila mwajiri afanye hivyo badala ya kutegemea vikokotoo vya mtandaoni, kwa sababu vikokotoo hivyo hutoa jibu bila kuonyesha njia, na njia ndiyo utakayoulizwa. Mshahara kabla ya makato ukiwa kwenye B2, andika fomula hizi za Februari 2025 kuanzia C2 hadi G2:

```
=MIN(B2,8000)*6%
=(MIN(B2,72000)-MIN(B2,8000))*6%
=MAX(300,B2*2.75%)
=B2*1.5%
=B2-C2-D2-E2-F2
```

Mbili za kwanza ni NSSF, yaani Tier I, hadi mpaka wa chini, na Tier II, kutoka hapo hadi mpaka wa juu, ya tatu ni SHIF, ya nne ni ada ya nyumba za bei nafuu, na ya tano ni kiasi kinachotozwa kodi.

Hatua ya 3: Tafuta kupungua halisi, si kupanda kwa NSSF

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na ndipo barua nyingi huharibika.

Tumchukue mfanyakazi mwenye mshahara wa shilingi 60,000 kwa mwezi, asiye na marupurupu. Januari alikatwa NSSF 2,160, kwa kuwa hesabu ilikoma kwenye 36,000. Februari alikatwa 3,600, kwa kuwa mshahara wake wote sasa uko chini ya mpaka wa juu. Tofauti ni 1,440. Mwajiri mwenye haraka huandika kwamba mshahara umepungua kwa shilingi 1,440, kisha mfanyakazi anachukua hati zake mbili, anatoa, anapata 1,008, na kuanzia hapo haamini tena neno lolote lililomo katika barua hiyo.

Pengo hilo kati ya 1,440 na 1,008 limetokana na kodi. Mchango wa NSSF huondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa, na tangu 27 Desemba 2024 SHIF na ada ya nyumba nazo huondolewa vivyo hivyo. Kwa mfanyakazi huyu SHIF ni 1,650 na ada ya nyumba ni 900, miezi yote miwili. Januari kiasi kilichotozwa kodi kilikuwa 60,000 kutoa 2,160, 1,650 na 900, yaani 55,290. Februari kikawa 53,850. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, shilingi 8,333 zinazofuata hutozwa asilimia 25, na kinachozidi hapo hadi 500,000 hutozwa asilimia 30. Kisha kila mfanyakazi hupunguziwa nafuu ya kodi ya 2,400. Ukifuata njia hiyo utapata PAYE ya 8,970.35 kwa Januari na 8,538.35 kwa Februari. Kodi imeshuka kwa 432, ambayo ni asilimia 30 ya zile 1,440.

Kwa hiyo Januari alibaki na 46,319.65 na Februari 45,311.65. Tofauti ni 1,008 kamili, na hiyo ndiyo nambari ya kuandikwa katika barua.

Kabla ya kuendelea, kagua PAYE ya jedwali lako kwa mshahara huo huo wa 60,000, kwa sababu jedwali lisilosahihishwa baada ya Desemba hujifichua kwa namna mbili. Ukipata 9,303.35 kwa Februari, jedwali lako bado linatoza kodi juu ya SHIF na ada ya nyumba, na mfanyakazi amekuwa akikatwa 765 zaidi kila mwezi. Ukipata 8,403.35, jedwali limeziondoa ada hizo kabla ya kodi kama inavyotakiwa, lakini bado linampa nafuu ya zamani ya asilimia 15 ya ada ya nyumba, ambayo ilifutwa na sheria iyo hiyo. Hapo umekata kodi pungufu kwa 135, na KRA itakudai wewe. Usifute, hata hivyo, nafuu ya bima kwa mfanyakazi anayelipia bima yake binafsi ya maisha, kwa kuwa hiyo ingalipo.

Ukigundua kosa la namna ya kwanza, lirekebishe na ulitaje katika barua yenyewe, kwa kiasi na kwa miezi. Mfanyakazi akirudishiwa fedha kimyakimya katika mwezi ambao NSSF imepanda, hati zake hazitaeleweka tena na mtu yeyote.

Hatua ya 4: Tambua nani ameguswa

Wenye mshahara wa 72,000 na zaidi, katika viwango ambavyo biashara ndogo hulipa, walipanda kutoka 2,160 hadi 4,320 na kupungukiwa na 1,512 mkononi. Walio kati ya 36,000 na 72,000 kila mmoja ana kiasi chake.

Walio na 36,000 au chini ya hapo hawakupungukiwa na chochote, lakini usidhani hawahitaji barua. Aliye na 30,000 alikatwa 1,800 Januari na 1,800 Februari, ila mgawanyo ulibadilika: Tier I ilitoka 420 hadi 480, na Tier II ikashuka kutoka 1,380 hadi 1,320. Hati nyingi za mshahara huonyesha safu hizo mbili mbalimbali, na macho huenda kwenye ile iliyopanda. Hawa ndio huja ofisini wakiwa na uchungu zaidi, kwa kuwa kwao kila shilingi ina kazi yake, na sentensi moja ingewatuliza.

Hatua ya 5: Angalia theluthi moja

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakiruhusu makato yote kwa jumla kupita theluthi mbili ya mshahara. Mfanyakazi wetu wa 60,000 ni lazima abaki na 20,000. Tuseme hukatwa 26,000 kwa ajili ya mkopo wa sako. Januari alibaki na 20,319.65, akawa ndani ya sheria. Februari, bila yeye kukopa hata shilingi, alibaki na 19,311.65. Huwezi kupunguza NSSF wala kodi, kwa hiyo kinachoweza kusogea ni makato ya mkopo. Zungumza naye kabla ya siku ya malipo inayofuata, kisha andikieni sako pamoja mkiomba kupunguza kiasi cha kila mwezi au kuongeza muda wa kulipa. Jambo hili liwe katika barua yake binafsi, lisiwe katika barua ya wote.

Hatua ya 6: Andika barua

Ukurasa mmoja unatosha. Taja sheria, taja mipaka ya zamani na mipya, weka hesabu ya mfanyakazi husika, na useme wazi kile ambacho mwajiri anaongeza. Sehemu hiyo ya mwisho mara nyingi husahaulika, ilhali wafanyakazi wengi hawajui kwamba mwajiri huchangia NSSF kiasi kilekile. Mfano wa kiini cha barua ni huu:

> KUH: MABADILIKO YA MAKATO YA NSSF KUANZIA FEBRUARI 2025
>
> Kwa Bi. / Bw. ________,
>
> Mshahara wako wa shilingi 60,000 haujabadilika. Kuanzia Februari 2025, Sheria ya NSSF ya 2013 imepandisha mpaka wa juu wa mshahara unaokatwa mchango kutoka shilingi 36,000 hadi 72,000. Kwa sababu hiyo mchango wako umetoka shilingi 2,160 hadi 3,600. Kwa kuwa mchango huo hautozwi kodi, PAYE yako imeshuka kutoka shilingi 8,970.35 hadi 8,538.35. Kiasi unachopokea kimepungua kwa shilingi 1,008.
>
> Sisi pia tumeongeza mchango wetu kwa ajili yako hadi shilingi 3,600, na fedha hizo hazitoki katika mshahara wako. Kwa hiyo shilingi 7,200 zitaingia katika akaunti yako ya NSSF kila mwezi. Makato ya SHIF na ya ada ya nyumba hayajabadilika.

Usiandike kwamba «serikali imetukatia» wala usiombe radhi kwa makato ambayo hukuyaamua. Eleza tu yalikotoka. Usiahidi kufidia tofauti hiyo isipokuwa umekwisha kupiga hesabu ya mwaka mzima, maana nyongeza ya mshahara nayo hukatwa NSSF, SHIF, ada ya nyumba na kodi.

Hatua ya 7: Itoe kabla ya malipo yanayofuata

Barua itangulie hati ya mshahara inayofuata, walau kwa siku chache. Mpe kila mmoja yake mkononi, ndani ya bahasha, wala usiitume katika kundi la WhatsApp la kazini, kwa kuwa mshahara wa mtu ni siri yake. Weka nakala iliyotiwa sahihi katika faili lake.

Atakayeuliza kama anaweza kukataa makato mapya, mjibu kwamba hawezi. Sheria inaruhusu tu sehemu ya Tier II ipelekwe katika mpango mwingine wa pensheni ulioidhinishwa, na hata hapo fedha hukatwa vilevile. Atakayetaka uthibitisho kwamba mchango umefika, mwonyeshe namna ya kuangalia taarifa ya akaunti yake kwenye tovuti ya NSSF. Mchango wa Februari ulipaswa kuwasilishwa kufikia tarehe 9 Machi. Ikiwa hauonekani katika taarifa yake wiki kadhaa baadaye, anza kwa kulinganisha nambari yake ya uanachama na ile iliyo katika jedwali lako, kwani tarakimu moja ikikosewa fedha huenda kwa mtu mwingine au hubaki bila mwenyewe.