Kumpiga video fundi seremala kwa simu na vifaa vya bei rahisi

Mfano wangu ni kazi niliyofanya Keko, Dar es Salaam: video ya dakika moja ya fundi akiunda kitanda. Nilikuwa na simu ya kawaida, tripodi nyepesi na maiki ya waya ya kubana kwenye shati.

1. Tuliza tripodi. Tripodi rahisi huyumbia kwenye vipande vyembamba vya chini vya miguu. Vuta vile vinene vya juu tu, kisha ning'iniza mfuko wa mchanga katikati, uguse sakafu kidogo usibembee.

2. Kitanda kikiunganishwa: Time-lapse. Kazi ilichukua nusu saa. Fremu moja kila sekunde 2 inakupa fremu 900, na zikichezwa 30 kwa sekunde unapata video ya sekunde 30. Kabla ya kuanza, bonyeza kioo na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Usipofanya hivyo, kila anayepita na shati jeupe anaitia picha giza. Washa hali ya ndege pia, maana mtu akikupigia, kurekodi kunaweza kukatika.

3. Maranda yakiruka: Slow motion. Ukirekodi fremu 120 kwa sekunde na kuzicheza 30 kwa sekunde, sekunde 3 za randa zinakuwa 12. Jaribio langu la kwanza, ndani ya karakana, lilijaa michirizi ya giza inayopanda na kushuka. Nilidhani simu imeharibika, kumbe ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Tukalisogeza benchi mlangoni kwenye mwanga wa jua, michirizi ikaisha.

4. Kuzuia mtikisiko. Iwashe unapotembea na simu mkononi, ila rudi nyuma hatua moja, kwa sababu inakata kingo za picha. Kwenye tripodi izime: ukigeuza simu taratibu, picha inang'ang'ania ilipokuwa, halafu inaruka.

5. Maiki. Pini ya maiki ya simu ina pete tatu nyeusi. Yenye mbili ni ya kamera, na bila adapta simu nyingi haziitambui. Ibane shubiri moja chini ya kidevu. Rekodi huku ukikwaruza maiki kwa kidole, kisha kwaruza sehemu ya chini ya simu, usikilize. Mkwaruzo wa simu ukisikika kwa nguvu kuliko ule mwingine, maiki haifanyi kazi. Mimi hapo huhamia programu ya Open Camera, na kwenye Audio source nachagua External mic.

Sauti ya Slow motion haifai kitu. Mwombe fundi apige randa mara nyingine, urekodi kwa mwendo wa kawaida, uilaze sauti hiyo chini ya maranda.