Jinsi ya kuandika kumbukumbu za kikao cha faragha cha kumtathmini mtendaji mkuu

Anza na ajenda. Itaje kwamba bodi itakaa faragha, na kwa nini: "tathmini ya utendaji wa mtendaji mkuu". Inatosha. Kisha mteueni mwandishi. Katibu anayeripoti kwa huyo huyo anayetathminiwa asiwekwe kwenye mtihani huo. Aandike mjumbe asiye mwajiriwa wa taasisi.

Mtendaji mkuu akitoka, andika saa. Kama naye ni mjumbe wa bodi, hesabu upya waliobaki na uangalie katiba ya taasisi inasemaje kuhusu akidi, kwa sababu azimio lililopitishwa bila akidi linaweza kupingwa.

Tuseme bodi ina wajumbe saba, sita wamehudhuria, naye ni mmoja wao. Baada ya saa mbili za mjadala mkali, kumbukumbu nzima inaweza kuwa hii:

"Saa 4:10 bodi iliingia kikao cha faragha kujadili utendaji wa mtendaji mkuu. Mtendaji mkuu alitoka. Wajumbe watano walibaki na akidi ilitimia. Bodi ilipitia ripoti ya tathmini ya mwaka. Iliazimiwa, kwa kura nne dhidi ya moja, kwamba mkataba wake uongezwe mwaka mmoja bila kubadili mshahara, na mwenyekiti amkabidhi matokeo kwa maandishi. Kikao cha faragha kilifungwa saa 6:10."

Haitaji nani alisema nini, wala sifa kama "mzembe" au "mbabe". Maneno hayo hayaongezi nguvu ya uamuzi, ila kesi ikifunguliwa, wakili wa upande wa pili atayasoma kwa sauti. Lakini usipunguze hadi azimio lenyewe lipotee. Mkiongeza mshahara, andika kiasi, tarehe ya kuanza na takwimu za ulinganisho mlizotumia. Mjumbe mwenye maslahi akijitoa, hilo nalo liandikwe.

Kwa taasisi ya umma, soma kwanza sheria ya mikutano: mahali pengine mjadala huruhusiwa faraghani lakini kura lazima ipigwe hadharani.

Rasimu isitumwe kwenye mfumo ambao wasaidizi wa mtendaji mkuu wanaufungua. Ithibitishwe katika kikao cha faragha kinachofuata, isainiwe, ihifadhiwe kwenye jalada la peke yake. Ripoti ya tathmini ikae kwenye faili la utumishi la mtendaji mkuu, si ndani ya kumbukumbu.

Yanabaki madaftari ya wajumbe, ambayo husahaulika, pamoja na barua pepe na ujumbe wa simu walioandikiana usiku ule. Vyote vinaweza kudaiwa mahakamani. Kama taasisi ina utaratibu wa kuharibu maandishi binafsi baada ya kumbukumbu kuthibitishwa, ufuateni kila mara, si kwa kikao hiki tu. Ila mtendaji mkuu akishatishia kushtaki, au dalili za shauri zikionekana, msiharibu hata karatasi moja mpaka mwanasheria aseme.