Somo: Kusoma Karata ya Shetani Katika Mpangilio wa Mapenzi

Somo hili linahusu karata moja tu, yaani karata ya 15 kati ya karata kuu 22 za taroti, inapojitokeza pale mtu anapouliza habari za mapenzi yake. Ninatumia seti iliyotolewa London mwaka 1909, ambayo Arthur Edward Waite aliisimamia na Pamela Colman Smith akaichora, kwa sababu ndiyo ambayo wengi wetu tunayo, na pia kwa sababu maana ninayotaka kuifundisha imechorwa waziwazi ndani ya picha yake.

Kuna ugumu unaotuhusu sisi tunaosoma karata kwa Kiswahili. Mtu akiambiwa mezani kwamba imetoka karata ya Shetani, hasikii jina la picha. Anasikia pepo, jini, mke mwenza aliyekwenda kwa mganga, au limbwata lililotiwa kwenye chakula. Nimewaona watu wakinyanyuka kitini kabla sijasema neno la pili. Kwa hiyo siku hizi siitaji karata kwa jina kwanza. Ninamsogezea muulizaji picha, ninamwomba aniambie anachokiona, na hapo ndipo somo linapoanza.

Hatua ya kwanza: itazame minyororo

Kwenye picha kuna kiumbe mwenye pembe na mabawa ya popo, amekaa juu ya nguzo fupi nyeusi. Chini yake wamesimama mwanamume na mwanamke walio uchi, na kila mmoja ana mnyororo shingoni unaokwenda hadi kwenye pete moja iliyopachikwa kwenye nguzo ile. Watazame shingoni kwa makini. Minyororo imelegea kiasi kwamba kila mmoja angeweza kuuvua wake kwa kuupitisha kichwani, na mikono yao haikufungwa. Hata hivyo wamesimama palepale.

Usomaji wangu wote wa karata hii unatoka hapo. Swali la kumuuliza mtu linakuwa hili: ni kitu gani kinachomfanya asiuvue, hata kama kinamuumiza? Jibu linaweza kuwa mazoea ya mwili na moyo, linaweza kuwa kodi ya nyumba, na linaweza kuwa hofu ya kitakachotokea akijaribu. Hayo ni mambo matatu tofauti, na msomaji asiyeyatenganisha atatoa ushauri usiofaa.

Hatua ya pili: iweke kando ya karata ya Wapenzi

Toa kwenye seti karata ya 6, Wapenzi, uilaze pembeni. Utaona kwamba ni picha ileile iliyogeuzwa. Watu ni wawili vilevile, lakini huko juu yao yupo malaika, na nyuma yao ipo miti miwili, mmoja wa ndimi za moto upande wa mwanamume na mwingine wa matunda upande wa mwanamke. Katika karata ya Shetani miti hiyo haipo. Moto umehamia kwenye ncha ya mkia wa mwanamume, na tunda limekuwa kichala cha zabibu kwenye mkia wa mwanamke. Mimi ninausoma mpangilio huo hivi: shauku ni ileile waliyoanza nayo, ila zamani ilikuwa imesimama nyuma yao kama mti, na sasa imeota mwilini mwao na inawavuta. Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba karata hii ikitoka basi mapenzi hayakuwapo tangu mwanzo. Mara nyingi yalikuwapo, na pengine bado yapo.

Hatua ya tatu: panga karata tano

Changanya, kisha panga mstari mmoja. Ya kwanza ni muulizaji, ya pili ni mwenzake, ya tatu ni kilichopo baina yao, ya nne ni kinachowashikilia hapo walipo, na ya tano ni hatua ambayo muulizaji mwenyewe anaweza kuichukua. Nafasi ya tano sikuiita "mwisho wa jambo" kwa makusudi, kwa sababu mtu aliyekwisha kuamini kwamba hana uwezo hasaidiki kwa kutabiriwa.

Hatua ya nne: wasome majirani

Shetani peke yake hasemi ni kifungo cha aina gani. Karata zilizo kando yake ndizo zinazosema. Kanuni ninayoitumia inafuata makundi manne ya karata ndogo, yaani Vikombe, Sarafu, Panga na Fimbo. Vikombe vikiizunguka, ninaanza na kushikamana kwa hisia: mtu anayeshindwa kulala ujumbe wake usipojibiwa, au anayerudiana na yuleyule kila baada ya ugomvi kwa sababu utamu wa kupatana umekuwa ndio uhusiano wenyewe. Sarafu zikiizunguka, ninauliza habari za utegemezi, yaani nani analipa, nyumba ni ya nani, nani atabaki bila kitu wakiachana. Panga zikitawala, ninauliza habari za kudhibitiwa: maneno yanayomfunga mtu mdomo, simu inayokaguliwa, ndugu na marafiki aliokatazwa mmoja mmoja. Fimbo huwa ninazisoma pamoja na Vikombe, zikiongeza joto la tamaa na la ugomvi. Kanuni hii ni mahali pa kuanzia kuuliza, na majibu ya muulizaji ndiyo yanayoamua kama imeshika.

Mfano

Dada mmoja mwenye duka la vitenge aliniuliza, "Je, ananipenda kweli?" Ameniruhusu nieleze, na nimebadilisha mambo madogo ili asitambulike. Karata zilitoka hivi: Nane ya Panga, Nne ya Sarafu, Shetani, Sita ya Sarafu, na mwisho Kijana wa Sarafu.

Aliposikia jina la karata ya tatu alisema papo hapo, "Basi kuna mwanamke ameniroga mume." Nilimwomba aahirishe neno hilo, tuanze na karata ya nne. Katika Sita ya Sarafu yupo tajiri mwenye mizani mkononi, akidondosha sarafu kwa mmoja wa watu wawili waliopiga magoti mbele yake. Nilimuuliza mizani ya nyumbani kwake inashikwa na nani. Alinyamaza kidogo, kisha akaeleza kwamba mtaji wa duka ulitoka kwa mwanamume huyo, kwamba kila jioni anakuja kuhesabu droo ya fedha, na kwamba laini ya simu anayopokelea malipo ya wateja imesajiliwa kwa jina la mwanamume, naye ndiye mwenye namba ya siri.

Hapo mstari mzima ulifunguka. Nne ya Sarafu ni mtu aliyekumbatia sarafu moja kifuani, nyingine ameiweka juu ya taji lake, na mbili amezikanyaga. Yaani ni mtu anayeogopa kupoteza, na anayefahamu njia moja tu ya kutopoteza, ambayo ni kushika. Nane ya Panga ni mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni na kamba mwilini, amezungukwa na panga, lakini miguu yake haikufungwa. Nilisoma: baina yenu kuna utegemezi wa fedha ambao umekuwa udhibiti, na wewe unauita mapenzi kwa sababu ulianza kama msaada.

Kama anapendwa au hapendwi, sikumjibu, kwa kuwa karata zile hazikuonyesha moyo wa mtu ambaye hakuwepo mezani. Nilimwonyesha karata ya tano, kijana aliyesimama shambani akiitazama sarafu moja aliyoishika kwa mikono miwili. Sarafu moja ni kidogo, lakini ni yake. Tulikubaliana kwamba sarafu hiyo kwake ni laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Nilimuuliza pia, kabla hajaondoka, kama anaogopa kwamba atapigwa akifanya hivyo. Alisema hapana. Angesema ndiyo, ningezifunika karata na kuzungumza naye habari ya mahali salama pa kwenda, kwa sababu kupigwa si jambo la kutafsiriwa. Vituo vya polisi Tanzania vina madawati ya jinsia na watoto, na Kenya ipo namba 1195 ya kupiga bure.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Mteja wangu anasisitiza kwamba karata hii inathibitisha limbwata. Nimjibu nini bila kumvunjia heshima?*

Marahaba. Usibishane naye kuhusu imani yake. Muulize limbwata analiona kwa dalili gani, kisha andika dalili hizo. Kwa kawaida utapata mambo kama "hanisikilizi tena", "anampa fedha zote", "hawezi kumwacha ingawa anamtukana". Hizo ndizo habari za karata hii, na zinaweza kusomwa moja moja. Jambo la kuepuka ni kumtajia mtu wa kumshuku. Jina likishatoka mdomoni mwako, familia mbili zinaweza kuacha kusalimiana, na hakuna karata inayoonyesha jina.

*Ikitoka kichwa chini je? Nimesoma kwamba maana yake ni uhuru.*

Inaweza kuwa mnyororo unalegea, na inaweza kuwa mtu anakataa kukiri kwamba umo shingoni. Mimi huuliza swali moja: katika mwezi uliopita, ni kitu gani kilichobadilika, na nani alikibadilisha kwa tendo? Mtu anayejifungua ana jibu la kutaja, kwa mfano alilala kwa dada yake siku tatu, au alifuta namba. Anayejibu, "Safari hii ameniahidi," bado ninamsomea kana kwamba karata imesimama wima.

*Shetani na Wapenzi zimetoka pamoja katika mstari mmoja. Ninaamini ipi?*

Zote mbili. Tazama ipi imekaa baina yao na ipi ni kinachowashikilia. Wapenzi wakiwa nafasi ya tatu na Shetani ya nne, ninasoma kwamba kuna upendo, na juu yake kuna jambo lililowekwa linalouminya, kwa mfano deni au wivu. Zikibadilishana nafasi, basi wanaoshikilia ni Wapenzi: kumbukumbu ya walivyokuwa mwanzo ndiyo inayomfanya mtu avumilie hali ya sasa. Mtu wa namna hii atakuonyesha picha za miaka iliyopita kwenye simu yake ili kuthibitisha.

*Nimepanga karata kila usiku kwa wiki mbili kuhusu mtu mmoja, na Shetani ametoka mara tano. Ni onyo?*

Ndugu yangu, huenda karata inakusoma wewe na meza yako. Kuuliza jambo lilelile kila usiku ni kushikamana kwa namna ileile tunayoijadili. Funga seti, na usimuulizie mtu huyo tena hadi litokee jambo jipya kati yenu, jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulishuhudia.

*Imekaa nafasi ya kwanza, yaani ni mimi. Je, ina maana mimi ndiye mbaya?*

Nafasi ya kwanza huwa inawaumiza watu, ndiyo maana wengi huirukia ya pili haraka. Ina maana mnyororo unauona vizuri zaidi ukianza na shingo yako, au na mkono wako. Jiulize mambo mawili kwa ukweli: ni kitu gani huwezi kukikataa kwa mtu huyu, na ni kitu gani yeye hawezi kukukatalia. La pili ndilo gumu. Mwaka jana nilipangiwa karata na mwenzangu, ikatoka hapohapo, na jibu langu la pili lilikuwa kwamba mchumba wangu hakuwa akithubutu kuchelewa kurudi nyumbani kwa sababu ya ukimya wangu.

Niliacha kusomea watu kwa wiki kadhaa, nikaenda kumwuliza ukimya ule unafananaje akiwa upande wake wa mlango.