Haji ni jina, Alhaji ni cheo: kuandika wageni kwenye kadi za mwaliko

Nachapa kadi za mialiko hapa Tanga, Ngamiani. Kinachonichukua muda kuliko maua na rangi ni majina ya viongozi wa dini.

Hatua ya kwanza: ukikuta "Haji", usiandike kitu mpaka umeuliza. Pwani hii Haji ni jina la kuzaliwa kama Juma. Mama mmoja aliniletea orodha ya harusi ya mwanawe, mstari wa tatu umeandikwa "Haji Bakari". Nikamwuliza, "Mama, Haji ndilo jina lake, au amekwenda kuhiji?" Akanijibu, "Jina lake Bakari, mwanangu. Katoka Makka mwaka juzi." Kadi ikasomeka "Alhaji Bakari". Lingekuwa jina alilopewa na wazazi, ningeandika "Bw. Haji Bakari", na hiyo "Bw." ndiyo ingemwambia msomaji kwamba Haji si cheo. Mwenye jina hilo aliyehiji ni "Alhaji Haji Bakari", usimpunguzie. Mwanamke aliyehiji ni Hajati. Aliyekwenda umra tu haitwi hivyo, maana hija ina mwezi wake, Mfungotatu, na kisimamo chake cha Arafa. Niliwahi kumpa cheo hicho mzee wa watu aliyekuwa bado hajahiji. Aliirudisha kadi mwenyewe, kwa upole, na mpaka leo nauliza kila mara.

Hatua ya pili: Sheikh. Anayefundisha watoto madrasa kwa kawaida huitwa Ustadhi au Maalim, si lazima awe Sheikh. Uliza wanafunzi wake wanamwitaje, uandike hivyohivyo. Kama ana wadhifa Bakwata, jina litangulie na wadhifa ufuate: "Sheikh Fulani, Sheikh wa Wilaya". Usiweke "Bw." mbele ya Sheikh. Aliyehiji naye anaweza kuandikwa "Sheikh Alhaji".

Hatua ya tatu: Padre au Mchungaji? Uliza dhehebu kwanza. Mkatoliki ni Padre, Mlutheri ni Mchungaji. Kwa Waanglikana wa huku kwetu uangalie sana, kwani misheni ya Magila ilianzishwa na UMCA, wamisionari wa Kianglikana wenye ibada inayokaribiana na ya Kikatoliki, na waumini wengi humwita kasisi wao Padre. Naye huwa ana mke. Kwa hiyo orodha ikisema "Padre na Mama", usilifute neno "Mama" ukidhani mwandishi amekosea. Mwulize mwenye shughuli Padre huyo ni wa kanisa gani.

Sista naye ana mtego wake, kwa sababu hospitalini muuguzi pia huitwa sista. Mtawa aandikwe "Sista" na jina lake, bila "Bi." Muuguzi asiye mtawa aandikwe "Bi."

Hatua ya mwisho: kabla ya kuchapa, mpigie simu mwenye shughuli umsomee orodha kwa sauti, jina kwa jina, pamoja na cheo. Orodha hiyohiyo ndiyo atakayoshika mshereheshaji ukumbini.