Tipa la mchanga juu ya daraja la kenchi: kuchora mstari wa athari wa kipande kimoja cha chini

Tipa ile ile, yenye mchanga ule ule, inaweza kukivuta kipande kimoja cha daraja la kenchi kwa kN 227 au kwa kN 270 kama kenchi moja ingebeba mzigo wote, kutegemea imesimama wapi na imeelekea upande gani. Mstari wa athari, yaani mchoro wa nguvu ya kipande kimoja kadiri mzigo wa 1 unavyotembea juu ya daraja, ndio unaotuonyesha mahali pabaya zaidi bila kubahatisha. Nitaufanya kwa kipande kimoja tu, kwa sababu ukikielewa kimoja hivi, vilivyobaki vya juu na chini vinafuata njia hiyo hiyo.

Daraja letu ni la mfano. Liweke akilini kwenye bonde la mpunga kule Pemba, mahali ambapo barabara inashuka kilima kimoja, inavuka kijito na kupanda kilima cha pili. Lina kenchi mbili za chuma, moja kila upande, na magari yanapita katikati yake juu ya sakafu iliyobebwa na viungo vya chini.

Hatua ya 1: Ipe kenchi majina na vipimo

Kutoka egemeo hadi egemeo ni mita 18, zilizogawiwa vyumba 6 vya mita 3 kila kimoja. Kimo cha kenchi ni mita 3. Viungo vya chini viite C0 mpaka C6 kutoka kushoto, na vya juu J1 mpaka J5, kila cha juu kikiwa wima juu ya mwenzake wa chini. Mishazari ya ndani inashuka kuelekea katikati ya daraja, yaani J2 inaungana na C3, na J4 pia inaungana na C3.

Kipande tunachokitaka ni C2C3, kilicho katika chumba cha tatu. Kiko kati ya mita 6 na mita 9 kutoka egemeo la kushoto.

Jambo moja la kuhakikisha kabla hujaendelea: mzigo unaingiaje kwenye kenchi? Hapa sakafu inakaa juu ya boriti za urefu, hizo zinakaa juu ya boriti za mkingamo, na boriti za mkingamo zimefungwa kwenye viungo. Gurudumu likiwa katikati ya chumba, uzito wake hugawiwa kwa viungo viwili vya jirani. Kama magurudumu yangekuwa yanakanyaga kipande chenyewe, kipande kingepinda pia, na kupinda huko hakumo katika mchoro huu.

Hatua ya 2: Kata, kisha tafuta momenti mahali panapofaa

Kata kenchi kwa kuwaza tu, wima ndani ya chumba cha tatu. Umekata vipande vitatu: J2J3 cha juu, mshazari J2C3, na C2C3 chetu. Viwili vya kwanza vinakutana J2. Basi ukichukua momenti kuzunguka J2, nguvu za hivyo viwili zinatoweka kwenye hesabu na unabaki na C2C3 peke yake, kikiwa umbali wa mita 3 kutoka J2.

Weka mzigo wa 1 kwenye daraja, umbali wa x kutoka kushoto. Ukiwa kulia kwa mkato, kwenye C3 au mbele yake, angalia upande wa kushoto, ambako hakuna kitu isipokuwa nguvu ya egemeo:

```
RA = (18 - x)/18
F × 3 = RA × 6
F = (18 - x)/9
```

Ukiwa kushoto kwa mkato, kwenye C2 au nyuma yake, angalia upande wa kulia. Nguvu ya egemeo la kulia ni x/18, na umbali wake kutoka J2 ni mita 12:

```
F × 3 = (x/18) × 12
F = 2x/9
```

Majibu yote mawili ni chanya, maana yake kipande kinavutwa popote mzigo ulipo. Ukipata hasi kwa kipande cha chini cha daraja lililoegemea ncha mbili, umegeuza mshale mahali fulani, rudi utazame.

Hatua ya 3: Chora pembetatu

Kwenye C2, x ikiwa 6, njia ya kushoto inatoa 1.333. Kwenye C3, x ikiwa 9, njia ya kulia inatoa 1.0. Kati ya viungo hivyo viwili unganisha kwa mstari ulionyooka, kwa sababu mzigo unagawiwa kwa viungo kwa uwiano wa umbali. Utaona kwamba mstari huo ni mwendelezo ule ule wa (18 − x)/9. Kwa hiyo mchoro mzima ni pembetatu: sifuri kwenye C0, kilele cha 1.333 kwenye C2, sifuri kwenye C6.

Angalia kilele kiko wapi. Hakiko katikati ya kipande, wala katikati ya daraja. Kiko chini ya J2, mahali tulipochukua momenti. Vijana wengi huchora kilele kwenye mita 7.5 kwa kuwa ndipo katikati ya C2C3 palipo, na kila hesabu inayofuata inapotoka.

Hatua ya 4: Gurudumu lipi likae kwenye kilele?

Chukua tipa ya ekseli tatu. Ekseli ya mbele ni kN 60, halafu mita 4 nyuma yake kuna ya kN 90, na mita 1.4 baada yake nyingine ya kN 90. Jumla ni kN 240, kama tani 24 na nusu.

Kwa kuwa mchoro umetengenezwa na mistari iliyonyooka, nguvu kubwa kabisa hupatikana ekseli moja ikiwa juu ya kilele kabisa. Swali ni ipi. Isogeze tipa kidogo kwenda kulia. Kila kN iliyo kushoto kwa kilele inaongeza 2/9 kwa kila mita, na kila kN iliyo kulia inapunguza 1/9. Jumla itaendelea kupanda maadamu mara mbili ya mzigo wa kushoto ni kubwa kuliko mzigo wa kulia. Kwa maneno mengine, kushoto kuwe na zaidi ya theluthi ya mzigo wote, yaani zaidi ya kN 80.

Tipa ikitembea kwenda kulia, kN 60 ndiyo inayovuka kilele kwanza. Kushoto kunabaki 180, bado ni zaidi ya 80. Ekseli inayofuata inavuka, kunabaki 90, bado. Ya mwisho ikivuka kunabaki 0. Hapo ndipo tumeipita 80, basi ekseli ya nyuma kabisa ndiyo ya kukaa kwenye C2. Ekseli zinakuwa mita 6, 7.4 na 11.4:

```
90 × 12/9   = 120
90 × 10.6/9 = 106
60 × 6.6/9  =  44
jumla       = 270 kN
```

Sasa igeuze tipa ielekee kushoto. Kutoka kushoto mpangilio ni 60, 90, 90. Isogeze kwenda kushoto: kushoto kwa kilele kunaanza na 0, kisha 60, kisha 150. Idadi ya 80 imerukwa na ekseli ya kati. Iweke hiyo kwenye C2, ya mbele ikae mita 2 na ya nyuma mita 7.4. Unapata 26.7 + 120 + 106, jumla kN 252.7.

Tofauti ya kN 17 inatokana na kugeuza gari tu. Na usidhani kwamba daraja la njia moja linakuepusha: kipande C3C4, pacha wa C2C3 upande wa pili, kinaiona tipa hiyo hiyo ikiwa imegeuka. Vyote viwili vihesabiwe kwa 270, kabla ya kugawa mzigo kati ya kenchi mbili katika Hatua ya 5.

Ukiiacha kazi hii na kuiweka tipa ya kwanza katikati ya daraja, ekseli ya kati ikiwa mita 9, unapata 104 + 90 + 33.3, yaani kN 227. Umepungukiwa karibu asilimia 16.

Kanuni ya theluthi ina mpaka wake. Inafanya kazi ekseli zote zikiwa juu ya daraja. Gari likiwa refu kiasi kwamba ekseli moja imeshatoka au haijaingia, jumla inabadilika na theluthi yake nayo inabadilika. Hapo napenda kuhakiki kwa jedwali la kompyuta: A2 iwe mahali pa ekseli ya nyuma, na kila safu inayofuata iongeze mita 0.1.

```
=90*MAX(0,MIN(2*A2/9,(18-A2)/9))
 +90*MAX(0,MIN(2*(A2+1.4)/9,(16.6-A2)/9))
 +60*MAX(0,MIN(2*(A2+5.4)/9,(12.6-A2)/9))
```

Anza A2 kwa −5.4, pale gurudumu la mbele linapogusa daraja. `MAX` inafuta ekseli zilizo nje. Kwenye safu ambayo mahali pa ekseli ya nyuma ni mita 6 lazima uone 270.

Hatua ya 5: Sehemu ya kenchi moja

Hizo kN 270 ni za ekseli nzima, na daraja lina kenchi mbili. Tuseme ziko mita 4.8 kutoka moja hadi nyingine na tipa imepita sentimita 60 pembeni mwa katikati. Kenchi ya karibu inabeba 3.0/4.8, yaani 0.625, hivyo kN 168.75. Kugawa kwa nusu kungekupa 135, na dereva anayekwepa shimo hajui kwamba umegawa kwa nusu.

Uzito wa daraja lenyewe unatumia mchoro ule ule, ila unachukua eneo la pembetatu: nusu ya 18 × 1.333, yaani 12. Ukiwa kN 10 kwa kila mita ya kenchi, kipande kinavutwa kN 120 hata usiku bila gari. Ongezeko la mtikisiko na vizidishi vya usalama vichukue kwenye kanuni za usanifu unazotumia, na mtikisiko uongeze kwenye 168.75 tu.

Usinakili pembetatu kwenye kila kenchi

Kuna kenchi zisizo na vipande vya wima, mishazari tu inayopanda na kushuka. Chukua yenye vipimo hivi hivi. Kiungo cha juu cha kuchukulia momenti ya kipande cha chumba cha tatu sasa kiko mita 7.5, katikati ya chumba. Pembetatu ingekuwa na kilele cha 1.458 hapo. Lakini chini yake hakuna kiungo cha kupokea mzigo. Kwenye mita 6 hesabu inatoa 1.167, kwenye mita 9 inatoa 1.25, na kati yao ni mstari ulionyooka. Kilele kimekatwa. Thamani kubwa ni 1.25, iko mita 9, na anayechora pembetatu kamili anazidisha kwa asilimia 17 hivi.

Kwa daraja lililokwisha simama, nguvu ikishajulikana nenda ukapime chuma chenyewe. Karibu na bahari, kutu hukaa zaidi kwenye viungo vya chini, ambako tope na unyevu wa chumvi hujificha nyuma ya sahani za boliti. Kipande cha unene wa milimita 8 kikiliwa milimita 2, robo ya eneo imeondoka na mkazo umepanda kwa theluthi, bila tipa kuongezwa hata beleshi moja la mchanga. Kwangua kutu hadi chuma kizima ndipo upime. Ukipima juu ya magamba utaandika milimita ambazo hazipo.