Mwezi Gisabo: kwa nini huyu ni II na kule ni IV? Somo la kusoma namba za wafalme wa Burundi

Ukisoma historia ya Burundi utakutana na Mwezi II Gisabo katika kitabu kimoja na Mwezi IV Gisabo katika kingine. Ni mtu yuleyule, mfalme aliyelazimika kukubali masharti ya Wajerumani pale Kiganda mwaka 1903. Hivi ndivyo unavyoweza kujua kila mwandishi amehesabu vipi.

Hatua ya 1: Shika jina la mtu, namba iache kwanza. Kiti cha Burundi kilikuwa na majina manne yaliyopokezana: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha Ntare tena. Pamoja na jina la kiti, kila mfalme alikuwa na lake mwenyewe, na hilo ndilo lililomtofautisha na wenzake: Rugamba, Gisabo, Mbikije. Namba ziliongezwa na waandishi wa enzi za ukoloni waliotaka orodha zinazofanana na za wafalme wa Ulaya. Kwa hiyo jina lina uzito kuliko namba.

Hatua ya 2: Anzia mwisho, urudi nyuma. Huku mwishoni kuna maandishi na miaka inajulikana. Gisabo alifariki 1908. Akafuata Mutaga Mbikije hadi 1915, kisha Mwambutsa Bangiricenge hadi 1966, alipoondolewa na mwanawe Ntare Ndizeye, ambaye naye alipinduliwa na waziri mkuu wake, Michel Micombero, Novemba mwaka huohuo. Hapa hakuna anayebishana kuhusu watu wala mfuatano wao.

Hatua ya 3: Tafuta mahali orodha zinapoachana. Kabla ya Gisabo alitawala babake, Ntare Rugamba. Nyuma ya Rugamba orodha fupi, ile inayomwita Gisabo II, inamweka Mwambutsa Mbariza, Mutaga Senyamwiza, Mwezi mmoja, na mwanzilishi, Ntare Rushatsi. Basi. Kutoka Rushatsi hadi Bangiricenge ni mizunguko miwili kamili ya majina yale manne, halafu Ndizeye akaanza wa tatu. Orodha ndefu, ile inayomwita Gisabo IV, ina mizunguko minne kamili kabla ya Ndizeye, yaani wafalme wanane zaidi, na wote wako huko nyuma ambako hakuna maandishi. Mizunguko miwili ikiongezwa, kila jina linarudi mara mbili zaidi, na namba ya kila aliyekuja baadaye inapanda kwa mbili.

Jaribu mwenyewe kwa kutoa mbili: Mwambutsa IV anakuwa II, Mutaga IV anakuwa II, Ntare V Ndizeye anakuwa III. Zikilingana zote namna hiyo, ujue waandishi wanatofautiana kuhusu mizunguko ya kale tu.

Hatua ya 4: Pima sababu. Mimi nasimama na orodha fupi. Mwaka 1970 wanahistoria Jean-Pierre Chrétien na Émile Mworoha walichapisha utafiti kuhusu makaburi ya wafalme, ambayo yalikuwa na walinzi wake wa kurithi. Kaburi lenye mahali pake na ukoo unaolitunza ni ushahidi mzito kuliko jina tupu kwenye orodha. Tena, majina yakizunguka, ni rahisi majina mawili ya sifa ya mfalme mmoja kuhesabiwa kama wafalme wawili.

Jihadhari na orodha iliyochanganywa. Ukiona inaanza na Ntare I Rushatsi, kisha baada ya Mwezi mmoja inaruka hadi Mutaga III Senyamwiza, mwandishi amechukua watu wa orodha fupi na namba za orodha ndefu. Usitoe mbili kwa Rushatsi hapo, anabaki I.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, Bangiricenge mwenyewe aliitwa rasmi Mwambutsa IV. Hilo halimalizi ubishi?*
Linatuonyesha ikulu na serikali ya wakati wake zilihesabu vipi, na kama cheo chake rasmi liheshimiwe. Lakini cheo cha karne ya 20 hakithibitishi kwamba kulikuwa na akina Mwambutsa watatu kabla yake.

*Naandika makala ya shule. Nitumie ipi?*
Andika "Mwezi Gisabo (II au IV kutegemea orodha)" mara ya kwanza, kisha "Gisabo" peke yake. Kwa Ndizeye anza na "Ntare V", kwa kuwa ndivyo alivyotawazwa. Usichanganye: ukimwita Gisabo II, usimwite Rugamba Ntare IV katika makala hiyohiyo.

*Rwanda nako majina yanapokezana. Mbona Rwabugiri ni Kigeli IV karibu kila mahali?*
Rwanda ilikuwa na abiru, watunza siri za kiti waliokariri kanuni na majina kwa kurithishana, na baadaye mwanahistoria Alexis Kagame akaandika orodha iliyoenea sana. Namba zimetulia kwa sababu wengi wanafuata orodha moja. Miaka ya wafalme wa kale bado inabishaniwa huko pia.