Damu baada ya kujifungua: anayelala na mzazi atazame nini

"Mwache, damu chafu itoke." Nimekuwa mkunga miaka mingi na kauli hiyo bado inanitisha. Damu ya uzazi hutoka, ndiyo, ila inatakiwa ipungue kadiri saa zinavyokwenda.

Kondo la nyuma likibanduka huacha kidonda kipana chenye mishipa iliyo wazi. Mimba iliyokomaa hupitisha damu kama nusu lita au zaidi kwenye mji wa mimba kila dakika. Kinachoiziba mishipa hiyo ni misuli ya mji wenyewe kukaza. Ikilegea, mama anaweza kufariki kabla bodaboda haijapatikana.

Hatua ya 1: shika tumbo. Usawa wa kitovu, au chini yake kidogo, unatakiwa kuhisi kitu cha mviringo, kigumu. Kikiwa laini kama unga uliokandwa, ita mkunga, na kama kondo limeshatoka, sugua hapo kwa kiganja mpaka kikaze. Mwambie mzazi akojoe palepale alipolala. Kibofu kilichojaa huuzuia mji kukaza.

Hatua ya 2: hesabu nguo. Pedi inayolowa chepechepe ndani ya saa moja, au bonge la damu kubwa kuliko yai, ni hatari. Watafiti waliowahi kupima kwa khanga huko Kigoma walikuta khanga mbili zilizolowa zina zaidi ya nusu lita. Kwa hiyo usizifue kwanza, tuonyeshe. Pitisha na mkono chini ya mgongo wake, maana damu hujikusanya kwenye godoro.

Hatua ya 3: mtazame mzazi mwenyewe. Usiku mmoja mama mkwe aliniambia, "Mkunga, mwanangu anatoka damu kidogo tu, ila anaomba maji kila mara na hatulii." Ilikuwa saa mbili tangu ajifungue. Presha ilikuwa nzuri, lakini moyo ulikuwa ukienda mbio na jasho lake lilikuwa la baridi. Chini yake khanga ya tatu ilikuwa imelowa. Mwili wa kijana huficha upungufu, kisha huanguka ghafla. Kiu, kuhangaika, viganja vyeupe na kizunguzungu vilikuwa vimeshasema. Tulimchoma oksitosini, tukamwekea dripu, na mji ukakaza.

Hatua ya 4: akiwa nyumbani na dalili hizi, ondokeni kwenda hospitali. Mlaze chali, miguu juu, mfunike. Mtoto anyonye ikiwa mama ana fahamu. Msimsukumie kitambaa ukeni, kwani damu itajaa ndani bila kuonekana. Njooni na ndugu wanaoweza kutoa damu. Mkifika semeni saa aliyojifungua, idadi ya khanga, na kama kondo lilitoka zima.

Hatari haiishi siku ya kwanza. Damu iliyokuwa imepungua ikirudi nyekundu siku ya nane au ya kumi, hasa ikiwa na harufu mbaya au homa, huenda kipande cha kondo kimebaki au maambukizi yameingia. Huyo naye arudi hospitali siku hiyohiyo.